Kwa nini pembe za pembetatu zinajumlika kuwa nyuzi 180

Wengi wetu tuliambiwa tupime pembe tatu kwa kipima pembe, tujumlishe, tupate nyuzi 180. Zoezi hilo ni zuri ila halithibitishi kitu, maana hata ukipima pembetatu elfu moja, ya elfu na moja hujaipima. Leo tunatafuta sababu inayozishika zote kwa pamoja. Chukua daftari lenye mistari, penseli na rula. Mistari ya daftari ni sambamba, na hiyo ndiyo siri ya somo zima.

Hatua ya 1. Chora kitako cha pembetatu, BC, juu ya mstari mmoja wa daftari, B kushoto na C kulia. Panda mistari kadhaa, weka ncha A juu ya mstari mwingine, kisha unganisha A na B, na A na C. Tuseme pembe ya B imetoka nyuzi 50 na ya C nyuzi 70. Ya A usiipime.

Hatua ya 2. Kolezea penseli ule mstari wa daftari unaopita kwenye A, uende mbali pande zote mbili. Mwisho wa kushoto uite D, wa kulia E. Sasa DE na BC ni sambamba: hata ukizirefusha vipi, hazikutani.

Hatua ya 3. Tazama upande AB peke yake. Unaikata mistari yote miwili, na ukifuata D, A, B, C kwa kidole unaona herufi Z iliyolala kidogo. Pembe mbili zilizo ndani ya kona za Z hiyo ni sawa. Kwa hiyo DAB ni sawa na pembe ya B, nyuzi 50.

Hatua ya 4. Fanya hivyohivyo kwa upande AC. Fuata E, A, C, B; Z hii imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo. EAC ni sawa na pembe ya C, nyuzi 70.

Hatua ya 5. Rudi kwenye A. Chini ya mstari DE zimekaa pembe tatu zinazopakana: DAB, kisha pembe yenyewe ya A, kisha EAC. Zikiunganishwa zinajaza upande mzima wa mstari ulionyooka, yaani pembe nyoofu, nyuzi 180. Ya kwanza ni B, ya mwisho ni C. Basi A + B + C = 180, na A ni 180 − 50 − 70 = 60. Sasa unaweza kuipima.

Angalia kwamba 50 na 70 hazikufanya kazi yoyote katika hoja. Weka namba nyingine, hoja inabaki ileile. Yuklidi aliuthibitisha ukweli huu yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha kwanza cha *Elementi*, hoja ya 32. Yeye alirefusha kitako na kuchora mstari sambamba na upande mmoja, lakini nguvu ya hoja ni hiyohiyo ya mistari sambamba.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimepima zangu nikapata 178. Nimekosea wapi?
Huenda hukukosea hoja, umekosa upimaji tu. Penseli butu au kipima pembe kilichosogea kidogo kwenye ncha kinatosha kukupotezea nyuzi moja kila pembe. Ukipata 165, hapo huenda kuna pembe uliyoisoma kwa mstari wa namba usio wake. Vipima pembe vingi vina mistari miwili ya namba inayokwenda kinyume.

Pembetatu yangu ina pembe ya 120 pale B, na A imetoka nje kushoto kwa kitako. Z siioni.
Ipo, ila imefunguka sana. Refusha mstari wa A zaidi kuelekea kushoto, ndipo utaiona DAB ikiwa nyuzi 120. Kosa la kawaida hapa ni kuchukua pembe ya upande wa kulia wa AB, ambayo ni 60. Kumbuka C iko kulia kwa AB, kwa hiyo mwenzake lazima awe kushoto.

Samahani mwalimu, na hizo pembe za Z, nani kasema ni sawa? Au ni kanuni ya kukariri tu?
Swali hili ndilo kiini cha somo, ndugu yangu. Weka nukta M katikati ya AB. Zungusha mchoro nusu mzunguko ukiwa umeshikilia M. B inaangukia A, na A inaangukia B. Mstari ukizungushwa nusu mzunguko hubaki sambamba na ulivyokuwa, kwa hiyo BC inageuka kuwa mstari unaopita A na ulio sambamba na BC. Kwenye bapa, mstari wa namna hiyo kupitia A ni mmoja tu, nao ni DE. Basi pembe ya B imelala juu ya DAB barabara.

Neno "mmoja tu" ndilo linalobeba mzigo wote, na halithibitishwi. Tunalikubali kama msingi.

Kwa hiyo pasipo na bapa, hesabu inavunjika?
Inavunjika kweli. Chukua tufe la ramani ya dunia. Anzia Ncha ya Kaskazini, shuka moja kwa moja hadi ikweta, tembea juu ya ikweta robo ya mzunguko wa dunia, kisha panda tena hadi Ncha. Umechora pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270. Juu ya tufe mistari minyoofu ni ile inayolizunguka kama ikweta, na yoyote miwili hukutana. Hakuna mstari sambamba wa kuchora pale A, kwa hiyo hatua ya 2 haiwezekani.

Na uwanja wa mpira je? Si uko juu ya tufe hilohilo?
Upo, lakini ziada ya jumla juu ya nyuzi 180 inategemea ukubwa wa pembetatu ukilinganishwa na dunia nzima. Kwa uwanja ni ndogo mno, hakuna kipima pembe cha mkebe wa hisabati kitakachoiona.