Rivyu ya kitabu kwa jarida: anza na hoja, siyo sura

Wenye kuandika rivyu za jarida, msipitie sura ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, hapo mhariri anaona muhtasari tu. Andika kwanza hoja ya kitabu kwa sentensi moja, na useme inapingana na nani. Mfano TANU Women cha Susan Geiger (1997): wengi walizoea kusema utaifa wa Tanganyika uliletwa na wanaume wachache waliosoma, yeye anasema wanawake kama Bibi Titi Mohamed, wengi hawakusoma sana, walikuwa tayari wanauishi kwenye vikundi vyao vya ngoma vyenye watu wa makabila tofauti. Sasa nenda kwenye ushahidi, ambao kwa sehemu kubwa ni simulizi za maisha zilizorekodiwa miaka kama 30 baada ya matukio, kwa hiyo pima kila dai kivyake: simulizi zinabeba vizuri jinsi wanawake walivyojiona, ila dai la nani alivuta wanachama wangapi linataka na nyaraka za wakati ule. Mchango wa kitabu nao, sema umebadilisha nini, "kitabu muhimu" peke yake haitoshi kabisa.