Kumtumia siri mtu usiyemjua: funguo mbili za GnuPG, hatua kwa hatua

Januari 2013 Edward Snowden alikuwa Hawaii, akifanya kazi kwenye mifumo ya NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani. Alitaka kuzungumza na Laura Poitras, mtengenezaji wa filamu aliyekuwa akiishi Berlin. Hawakuwahi kuonana wala kupigiana simu. Barua pepe yoyote baina yao ingepita kwenye mitambo ambayo shirika lile lile lilikuwa na uwezo wa kuichungulia. Hata hivyo waliandikiana kwa miezi kadhaa kwa siri, mpaka walipokutana Hong Kong mwezi Juni. Njia waliyotumia iko wazi kwa kila mtu, na hapa nitakupitisha humo kwa GnuPG, programu ya bure ya kufunga ujumbe asiyehusika asiusome, ninayoitumia mwenyewe na kuwafundishia wanahabari na mawakili.

Kwanza, elewa kwa nini funguo ni mbili

Zamani ufunguo wa kufunga ujumbe ndio huo huo uliokuwa wa kuufungua. Kwa hiyo ilibidi kwanza mkutane mpeane ufunguo, au umpate mjumbe mwaminifu wa kuupeleka. Watu wasiojuana hawakuwa na pa kuanzia. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kuzitenganisha kazi hizo mbili: ufunguo mmoja ufunge tu, mwingine ufungue tu, na aliye na ule wa kufungia asiweze kuutengeneza ule wa kufungulia.

Fikiria kufuli lile la kubana, ambalo hulifunga kwa kulibonyeza tu bila ufunguo. Mtu anaweza kutengeneza makufuli ya namna hiyo elfu moja na kuyagawa sokoni yakiwa wazi, huku ufunguo wake akibaki nao nyumbani. Yeyote atakayeokota kufuli moja ataweza kufunga sanduku na kumpelekea. Akishalibana, hata yeye mwenyewe aliyefunga hawezi tena kulifungua.

Kufuli hilo ndilo tunaloliita ufunguo wa umma, na ufunguo uliobaki nyumbani ni ufunguo wa siri. Kompyuta huviunda vyote viwili kwa pamoja kutokana na namba kubwa ya kubahatisha. Kutoka kwenye ile namba kwenda kwenye ufunguo wa umma ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, yaani kuutazama ufunguo wa umma na kuipata siri iliyouzaa, hakuna anayejua njia ya mkato ya kufanya hivyo kwa kompyuta zilizopo.

Hatua ya 1: anayepokea ndiye anayeanza

Hapa ndipo wengi hujichanganya. Wanafikiri mwenye siri ya kutuma ndiye atengeneze funguo. Hapana: ujumbe hufungwa kwa ufunguo wa umma wa yule anayeupokea. Tuseme kuna wakili, tumwite Neema, anayetaka watu wasiomjua waweze kumtumia nyaraka. Kwenye Linux mara nyingi GnuPG imo tayari. Kwenye Windows ataweka Gpg4win. Kisha atafungua dirisha la kuandikia amri na kuandika:

```
gpg --quick-generate-key "Neema <neema@example.org>"
```

Programu itamwomba nywila. Nywila hii haimfikii mtu mwingine yeyote. Kazi yake ni kuulinda ufunguo wa siri ndani ya kompyuta yake, ili mwizi wa kompyuta asipate vyote kwa mpigo. Maneno sita au saba yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, ni bora kuliko neno moja fupi lililojazwa alama.

Baada ya hapo anatoa nakala ya ufunguo wa umma:

```
gpg --armor --output neema.asc --export neema@example.org
```

Faili hilo la `neema.asc` ni maandishi ya kawaida. Aliweke kwenye tovuti yake au alitume kwa yeyote. Adui akilisoma, hana alichopata zaidi ya uwezo wa kumwandikia Neema kwa siri.

Kuna jambo dogo katika kisa cha Snowden linaloonyesha vizuri mwelekeo huu. Kwa kuwa hakuwa na ufunguo wa Poitras, alianza kwa kumwandikia Micah Lee, mtaalamu wa kompyuta aliyefahamiana na Poitras na ambaye ufunguo wake wa umma ulikuwa mtandaoni. Barua ilifika ikiwa imefungwa barabara. Lakini Snowden alisahau kuambatanisha ufunguo wake mwenyewe, kwa hiyo Lee hakuweza kumjibu kwa siri. Siri huenda upande ule tu ambao ufunguo wake wa umma unao. Mkitaka kuandikiana, kila mmoja ampe mwenzake wake.

Hatua ya 2: pokea ufunguo, lakini usiuamini bado

Sasa wewe ndiye una hati ya kumtumia Neema. Umepakua faili lake, unaliingiza:

```
gpg --import neema.asc
```

Simama hapo. Una ufunguo wenye jina la Neema, ila jina hilo liliandikwa na yule aliyeutengeneza, na mtu yeyote anaweza kuandika jina lolote. Tuseme kuna anayekaa katikati ya mawasiliano yenu. Atauzuia ufunguo halisi na kukupa wake wenye jina la Neema. Utafunga hati yako kwa ufunguo wake, ataifungua, ataisoma, kisha ataifunga upya kwa ufunguo halisi na kuipeleka. Neema ataipata, wewe utapata jibu, na hakuna kati yenu atakayeona kasoro. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote katika somo hili, kwa sababu kufuli halivunjwi hapo; linabadilishwa kabla hujalitumia.

Dawa yake ni alama ya kidole ya ufunguo:

```
gpg --fingerprint neema@example.org
```

Utaona herufi na tarakimu 40 zilizopangwa kwa mafungu ya nne nne. Ni muhtasari wa ufunguo huo, na ufunguo mwingine hutoa muhtasari mwingine. Muulize Neema alama yake kwa njia tofauti na ile iliyokuletea ufunguo. Mpigie simu ofisini akusomee, itazame kwenye kadi yake ya kazi, au mwombe mtu mnayemwamini nyote wawili. Ukiuchukua ufunguo kwenye tovuti yake kisha ukaisoma alama kwenye tovuti hiyo hiyo, hujahakiki chochote, kwani aliyebadilisha kimoja amebadilisha na kingine.

Snowden alilifikiria hili. Alipopata ufunguo wa Poitras alimwomba Lee aichapishe alama yake Twitter, mbele ya watu wote. Lee aliandika zile herufi na tarakimu, na kwa mpita njia hazikuwa na maana yoyote. Snowden alilinganisha alichokiona Twitter na alichokuwa nacho. Ili kumdanganya, adui angelazimika kuchezea barua pepe na pia ukurasa wa hadhara ambao Lee mwenyewe na wafuasi wake walikuwa wanauona.

Linganisha alama yote, fungu kwa fungu. Usiridhike na mafungu mawili ya mwisho: mwaka 2016, kwenye seva ambako watu huweka funguo zao za umma, ulionekana ufunguo bandia wenye jina la Linus Torvalds, muasisi wa Linux, ambao tarakimu 8 za mwisho za alama yake zilifanana kabisa na za ufunguo wake halisi.

Zikilingana zote, iambie programu kwamba umehakiki. Amri hii hutia sahihi kwa ufunguo wako wa siri, kwa hiyo kama huna funguo zako, zitengeneze kwanza kama Neema alivyofanya katika hatua ya 1:

```
gpg --lsign-key neema@example.org
```

Hatua ya 3: funga na utume

```
gpg --armor --encrypt --recipient neema@example.org hati.pdf
```

Litatokea faili jipya, `hati.pdf.asc`, na hilo ndilo la kutuma. Kama uliruka uhakiki, utakutana na onyo hili:

```
gpg: There is no assurance this key belongs to the named user
```

Maana yake programu haina uthibitisho kwamba ufunguo ni wa mwenye jina hilo. Wengi hubonyeza `y` na kuendelea. Wewe rudi hatua ya 2.

Kuna kinachofanyika ndani ambacho ni vizuri ukijue. Kufunga faili zima kwa ufunguo wa umma ni kazi nzito, kwa hiyo GnuPG huunda ufunguo mdogo wa mara moja, wa namna ile ya zamani wa kufunga na kufungua, na hufunga hati kwa huo. Ufunguo wa umma wa Neema hutumika kuufunga ule mdogo tu, na vyote viwili husafiri pamoja. Ndiyo maana unaweza kuandika `--recipient` mara kadhaa kwa watu kadhaa bila faili kunenepa sana: hati ni moja, ufunguo mdogo ndio unaofungwa mara nyingi. Jiongeze na wewe mwenyewe, la sivyo hutaweza kuifungua nakala uliyotuma.

Hatua ya 4: Neema anafungua

```
gpg --output hati.pdf --decrypt hati.pdf.asc
```

Ataulizwa nywila, na hati itatoka. Akiona `No secret key`, basi ujumbe ulifungwa kwa ufunguo usio wake, au wa zamani aliokwisha kuupoteza. Ufunguo wa siri uliopotea bila nakala haurudishwi na mtu yeyote, hata waliotengeneza programu. Kwa hiyo atoe nakala mapema kwa `gpg --armor --output siri.asc --export-secret-keys neema@example.org`, aiweke kwenye flashi, na flashi aifungie kabatini.

Kisichofichwa

Mwili wa hati umefichwa. Anayetuma, anayepokea, saa na ukubwa wa faili vinaonekana. Kwenye barua pepe, kichwa cha habari pia huonekana mara nyingi, kwa hiyo usiandike humo "Mkataba wa ardhi ya kijiji" halafu ukadhani umejificha.

Kasoro nyingine ni ya muda. Mtu anaweza kuhifadhi barua zako zilizofungwa leo, akapata ufunguo wa siri wa Neema baada ya miaka mitano, na kuzifungua zote kwa siku moja. Kwa mazungumzo ya kila siku napendelea Signal kwa sababu hii: hubadilisha funguo ujumbe hadi ujumbe na kuzifuta za nyuma. WhatsApp hutumia utaratibu huo huo. GnuPG naibakiza kwa mafaili, na kwa mtu ambaye sina namba yake ya simu.

Uhakiki wa hatua ya 2 unahitajika huko pia. Fungua jina la unayezungumza naye kwenye WhatsApp, gusa sehemu ya usimbaji fiche, na utaona tarakimu 60. Mkiwa pamoja, zilinganisheni au mmoja achanganue msimbo wa mwenzake kwa kamera. Siku ukipata taarifa kwamba msimbo wa mtu umebadilika, mara nyingi ni simu mpya au programu iliyowekwa upya, lakini mpigie umsikie sauti kabla ya kumtumia kitu kingine cha siri.