Kabla hujanunua kihami joto, soma lebo mpaka maandishi madogo

Kihami joto kikishafunikwa na dari au bati, hakuna anayekiona tena mpaka abomoe. Kwa hiyo kazi yote ya kukagua inafanyika kabla, ukiwa umeshika lebo mkononi. Haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza, jua namba ipi unaitaka iwe kubwa na ipi iwe ndogo. R ni ukinzani: uwezo wa tabaka fulani kuzuia joto lisipite. Ikipanda, vizuri. U ni kinyume chake: kiasi cha joto kinachopita kwenye paa, ukuta au dirisha zima, likiwa na tabaka zake zote pamoja na hewa iliyogusana nalo ndani na nje. Hiyo itafute ndogo. R za tabaka zinajumlishwa, na ukigawa 1 kwa jumla hiyo unapata U. Vihami huuzwa kwa R, madirisha kwa U. Usilinganishe moja na nyingine bila kugeuza kwanza.

Pili, angalia kipimo. Hapa wanunuzi wengi hujikwaa, kwa sababu R ziko za aina mbili. Lebo za Marekani hutumia futi za mraba, digrii za Farenhaiti na BTU, na huandika R-13 au R-19. Kwingineko kwingi hutumika m²K/W, na utaona R 2.5 au R 3. Mtu akiweka R-13 kando ya R 2.5, atachukua 13 bila kufikiri. Ili kugeuza ya Marekani iwe m²K/W, gawa 13 kwa 5.68: unapata 2.29. Ile iliyoonekana ndogo ndiyo bora. Kama lebo haitaji kipimo kabisa, muulize muuzaji, na akishindwa kujibu usinunue.

Tatu, ikague R mwenyewe. Tafuta kwenye lebo herufi λ, au k kwa baadhi ya watengenezaji. Hiyo ni kasi ya joto kupenya ndani ya kitu chenyewe, na ikiwa ndogo ni nzuri. Chukua unene kwa mita, gawanya kwa λ. Sufu ya kioo ya milimita 100 yenye λ ya 0.040 inatoa 0.1 ÷ 0.040, yaani R 2.5. Povu gumu la PIR la milimita 30 lenye λ ya 0.022 linatoa 1.36, na lebo nyingi zitaandika 1.35 kwa sababu hushushwa kidogo. Hesabu ikikubaliana na lebo, endelea. Isipokubaliana, kuna jambo umefichwa, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Niliitwa kuangalia chumba kimoja chenye paa la mteremko lisilo na dari ya kuning'inia. Mbao za dari zilipigiliwa juu ya kenchi, na bati likaja juu yake. Mwenye nyumba alikuwa amepelekewa bidhaa mbili achague: ubao wa povu la PIR wa milimita 30, R 1.35, na foili yenye viputo vya hewa, unene milimita 4, R 1.4. Alichagua foili. Nyembamba, nyepesi, inakunjika kama mkeka, na namba yake kubwa zaidi. Fundi akaitandaza juu ya mbao, akalaza bati juu yake, akafunga skrubu. Mchana chumba kikawa hakikaliki. Ukinyoosha mkono karibu na dari ulihisi joto likishuka usoni na kichwani kabla hata hujagusa mbao.

Nikaomba kuona karatasi iliyokuja na foili. R 1.4 ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo ilibidi niyasogeze dirishani: kipimo ni cha mfumo mzima, joto likielekea chini, pakiwa na nafasi ya hewa tulivu ya milimita 25 juu na milimita 25 chini ya foili.

Ndivyo foili inavyofanya kazi. Uso wake unaong'aa hutoa na kupokea mionzi ya joto kidogo sana, lakini lazima uwe umeelekea hewani. Ukigusana na bati, joto halihitaji mionzi tena. Linapita moja kwa moja kwa mgusano. Kinachobaki ni vile viputo vya milimita 4, ambavyo ukivihesabu kama tulivyofanya hapo juu vinatoa R ya 0.1 hivi.

Nikamfanyia hesabu pale pale. Tuseme bati lina nyuzi 60 za Selsiasi, chumba nyuzi 30, na paa ni mita za mraba 20. Mbao za dari za milimita 12 zina R ya 0.09, na hewa ya chini ya dari 0.17. Hewa ya nje naiacha kwa sababu tunaanzia kwenye bati lenyewe, na ile kidogo iliyonaswa chini ya mawimbi ya bati naiacha pia. Kwa foili iliyobanwa jumla ni 0.36, kwa hiyo joto linaloingia ni 20 × 30 ÷ 0.36, karibu wati 1,670. Kwa PIR jumla ni 1.61, na joto ni kama wati 370. Kwenye lebo bidhaa hizi mbili zilikuwa karibu sawa. Juu ya kichwa chake tofauti ilikuwa zaidi ya mara nne.

Bati ilibidi livuliwe lote. Angeweza kuinua bati kwa papi na kupata nafasi ya juu, ila upande wa chini foili ingebaki imelalia mbao, kwa hiyo mfumo ungekuwa nusu, na uso unaotazama juu hukusanya vumbi na kupoteza mng'ao. Akaweka PIR.

Basi, ukiona kitu chembamba kina R kubwa, gawa unene kwa R. Jibu hilo ndilo λ yake. Milimita 4 kwa R 1.4 ni 0.003, wakati hewa tulivu yenyewe ni 0.025 hivi na PIR nzuri 0.022. Namba hiyo haiwezi kuwa ya foili peke yake. Ni ya nafasi ambazo wewe ndiye utakayezijenga. Ulinganishe R ya bidhaa peke yake na R ya bidhaa peke yake, au mfumo na mfumo.

Mengine ni mafupi. Sufu usiibane: ya milimita 100 ikisukumwa kwenye pengo la 50 hubaki na nusu ya R yake, au zaidi kidogo. Kwa dirisha, uliza U ya dirisha zima, Uw, si Ug ambayo ni ya kioo tu. Fremu ya alumini isiyokatwa kwa plastiki katikati huvuruga kioo kizuri. Kwa PIR, uliza kama λ imepimwa ikiwa mpya au imehesabiwa baada ya miaka, maana gesi iliyomo hutoka polepole. Na lebo uitunze, pamoja na risiti na picha za kazi kabla bati halijafungwa.