Somo: Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu

Majibu ya kipimo hiki huja na mistari minne: jumla ya kolesteroli (TC), HDL ambayo wengi huiita kolesteroli nzuri, LDL ambayo huitwa kolesteroli mbaya, na trigliseraidi (TG). Wengi wetu hutazama jumla peke yake, kisha hutafuta alama ambayo maabara imeweka pembeni mwa namba iliyovuka kiwango. Usomaji wa namna hiyo huwatia hofu wasiostahili kuogopa, na huwaacha wenye hatari ya kweli wakirudi nyumbani wametulia. Ili jambo hilo lionekane wazi, tutasoma pamoja majibu mawili ya mfano.

Wa kwanza ni mwanamke wa miaka 43, asiyevuta sigara, asiye na kisukari wala shinikizo la damu. Majibu yake ni TC 5.8, HDL 2.1, TG 0.9 na LDL 3.3. Wa pili ni mwanamume wa miaka 54, mwenye kisukari kwa miaka 12 na anayetumia dawa za shinikizo la damu. Majibu yake ni TC 5.4, HDL 0.8, TG 2.9 na LDL 3.3.

Hatua ya 1: Tazama vipimo vilivyotumika. Namba zote hapo juu ni za mmol/L. Maabara nyingine huandika mg/dL, na hapo LDL ya 3.3 husomeka takriban 128. Ukitaka kubadilisha mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kolesteroli kwa 38.7, na trigliseraidi kwa 88.6. Usilinganishe majibu ya mwaka huu na ya mwaka jana kabla hujahakikisha kwamba yote yameandikwa kwa kipimo kimoja.

Hatua ya 2: Anza na trigliseraidi. Haya ni mafuta ambayo mwili huyasafirisha kwa ajili ya nguvu, na hupanda upesi kwa sukari, vinywaji vitamu, wanga mwingi, pombe, unene wa tumbo na kisukari kisichodhibitiwa. Chini ya 1.7 ni sawa kwa aliyefunga. Yakizidi 1.7 huwa dalili kwamba damu ina mabaki ya chembe za mafuta ambazo nazo hupenya kwenye ukuta wa mshipa. Yakifika 10 au zaidi, hatari inayotangulia ni ya kuvimba kongosho, ugonjwa unaoweza kuua, na hapo mgonjwa hapaswi kusubiri miadi ya mwezi ujao.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia hapa. Mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja. Maabara huikokotoa kutokana na namba nyingine tatu kwa kanuni ya Friedewald, iliyochapishwa mwaka 1972:

```
LDL = TC - HDL - (TG / 2.2)
```

Kwa mwanamume wetu ni 5.4 kutoa 0.8 kutoa 1.3, yaani 3.3. Trigliseraidi zikizidi 4.5 kanuni hii haifai tena, na hata kabla ya hapo huanza kuonyesha LDL ndogo kuliko ilivyo. Ukiona nafasi ya LDL imeachwa wazi, huenda sababu ni hiyo.

Hatua ya 3: Soma LDL. Hii ndiyo namba yenye ushahidi mzito kuliko zote. Chembe za LDL huingia kwenye ukuta wa ateri na kunasa humo, ukuta huvimba, na kwa miaka mingi utando wa mafuta hujengeka. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: kwenye moyo huwa shambulio la moyo, kwenye ubongo huwa kiharusi. Kwa hiyo kinachohesabika ni ukubwa wa LDL pamoja na miaka ambayo mishipa imeishi nayo. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 au zaidi achunguzwe kama ana tatizo la kurithi, na ndugu zake wa damu wapimwe pia.

Hatua ya 4: Soma HDL kwa tahadhari. HDL iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume, au chini ya 1.2 kwa mwanamke, huambatana na hatari zaidi. Hata hivyo, dawa zilizobuniwa kuipandisha hazikuleta upungufu wa maana wa mashambulio ya moyo. Naishauri ichukuliwe kama kielelezo cha hali ya mwili, wala mtu mwenye HDL kubwa asijihesabu kuwa amekingwa dhidi ya LDL yake.

Hatua ya 5: Toa HDL kwenye jumla. Hesabu hii fupi hukupa kolesteroli yote iliyomo kwenye chembe zinazoharibu mishipa, pamoja na yale mabaki ya trigliseraidi. Mwanamke anapata 5.8 kutoa 2.1, yaani 3.7. Mwanamume anapata 4.6. LDL zao zinalingana, na jumla ya mwanamke ni kubwa zaidi, lakini mwanamume ndiye anayebeba mzigo mkubwa.

Hatua ya 6: Linganisha na mtu mwenyewe. Kiwango kilichochapishwa na maabara ni kimoja kwa watu wote. Maabara inayoweka ukomo wa LDL kwenye 3.4 haitaweka alama kwa yeyote kati ya hawa wawili. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaweka lengo la LDL chini ya 3.0 kwa mwenye hatari ndogo, chini ya 1.8 kwa mwenye hatari kubwa, na chini ya 1.4 kwa aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba. Mwanamke amezidi kidogo, na mazungumzo yake na daktari yatahusu zaidi chakula na mazoezi. Mwanamume, kwa kisukari cha muda mrefu na shinikizo la damu, yuko kwenye kundi la hatari kubwa. LDL yake inakaribia maradufu ya lengo, na anahitaji kuzungumza na daktari kuhusu dawa za kundi la statini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Chupa ya mafuta ya nazi ninayotumia imeandikwa kwamba hayana kolesteroli. Mbona LDL yangu imepanda?*

Marahaba. Maandishi hayo ni ya kweli, kwa kuwa mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuzungumzia. Lakini mafuta ya nazi, kama samli, yamejaa mafuta yanayoganda, na haya hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL kwenye damu. Jaribu kupikia mafuta ya alizeti kwa miezi miwili hadi mitatu, kisha upime tena.

*Je, ni lazima kufunga kabla ya kupima?*

Kwa kipimo cha kawaida si lazima. Chakula hubadilisha TC, HDL na LDL kidogo tu. Ikiwa trigliseraidi zimezidi 4.5 bila kufunga, rudia ukiwa umefunga saa 10 hadi 12, maji unaruhusiwa.

*Nilipimwa nikiwa nimelazwa kwa malaria, LDL ikawa 1.6. Mwaka jana ilikuwa 3.9, na sijatumia dawa yoyote ya kolesteroli. Nimepona?*

Pole kwa kuugua, ndugu. Maambukizi makali hushusha LDL na HDL na huweza kupandisha trigliseraidi, kwa hiyo majibu hayo yanaeleza malaria kuliko mishipa yako. Pima tena baada ya wiki sita hadi nane tangu upone, na mpelekee daktari karatasi zote tatu.