Kabla ya kurudia blichi, vuta unywele mmoja

Wiki iliyopita dada mmoja alirudi saluni siku ya nne tu baada ya blichi. Nywele zilikuwa zimebaki rangi ya chungwa, naye alitaka ziwe njano kabisa. Nilimlowesha, nikachukua unywele mmoja na kuuvuta taratibu kwa vidole. Ulirefuka kama bigijii, haukurudi, kisha ukakatika. Nikakataa kumpaka.

Unywele mzima ukiwa umelowa hurefuka kidogo ukivutwa, kisha hurudi ulivyokuwa. Usiporudi, ujue blichi imeshakula protini inayoushikilia, na kupaka tena ni kuukata.

Hata kipimo kikiwa kizuri, mimi husubiri angalau wiki 4 kabla ya kurudia blichi kwenye nywele zilezile, na zetu za kipilipili huzipa hadi 8, maana kila kona ya unywele ni sehemu ya kukatikia. Rangi ya kudumu bila blichi, wiki 4 hadi 6 zinatosha. Kama ni mizizi tu iliyoota, ngoja ifike kama sentimita 2, yaani miezi miwili hivi, na usiguse pale palipokwisha kupakwa.

Ukiona vipande vifupi vinadondoka kwenye sinki, au nywele zinanata zikiwa zimelowa, ongeza muda na ukate ncha. Ngozi ya kichwa ikiwa na vidonda au inawasha, usipake chochote mpaka ipone. Yule dada tulimsuka mabutu, atarudi mwezi ujao tupime tena.