Kipima pH cha udongo: bafa ya 7 peke yake haitoshi

Vikundi vingi vya wakulima Muheza na Amani siku hizi vina kipima pH cha mkononi, na mazoea yaliyoenea ni kukichovya kwenye bafa ya 7, yaani myeyusho ambao pH yake inajulikana, kubonyeza CAL ili kukisawazisha, kisha kuanza kupima udongo. Kwa udongo wa milimani wenye asidi, hapo ndipo kipimo kinapopotea.

Elektrodi, ile sehemu ya kifaa yenye kioo inayochovywa, huzalisha volti ndogo sana. Kwenye pH 7 volti hiyo huwa karibu na sifuri, hata kama elektrodi imechoka. Uchovu huonekana unapoondoka kwenye 7. Elektrodi kamilifu, kwenye nyuzi joto 25, hubadilika kwa milivolti 59.2 kwa kila pH moja. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa mteremko, na hushuka kadiri kioo kinavyozeeka au kuchafuka. Ukisawazisha kwa bafa ya 7 tu, kifaa hudhani mteremko ni kamili.

Tuchukue mfano. Ni mchana, bafa zina nyuzi 30, na jedwali kwenye chupa linasema kwa joto hilo bafa ya 7 ni 6.99 na ya 4 ni 4.01. Kifaa kinasoma milivolti -8 kwenye ya kwanza na +158 kwenye ya pili. Tofauti ni milivolti 166 kwa pH 2.98, yaani 55.7 kwa kila pH moja. Kwa nyuzi 30 ingepaswa kuwa 60.1, kwa hiyo mteremko ni takriban asilimia 93. Aliyetumia bafa ya 7 pekee, udongo wenye pH 4.8 utamwonyesha karibu 4.96. Kosa linakua kadiri asidi inavyozidi, na daima linaufanya udongo uonekane na asidi pungufu kuliko ulivyo. Mtu ataweka chokaa kidogo kuliko inayohitajika.

Kwa hiyo anza na bafa ya 7, suuza, kisha ya 4. Bafa ya 10 haina kazi kwenye udongo wa Amani, ila ukishuka kwenye maeneo ya mawe ya chokaa kama Amboni, ambako udongo unaweza kupita 7, badala ya 4 tumia 10. Bafa mbili zizingire kile unachotarajia kukipata. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, na ukishamaliza kimwage, usikirudishe kwenye chupa. Bafa ya 10 huharibika haraka kuliko nyingine kwa sababu hunyonya hewa ya ukaa.

Kuhusu joto, watu wengi huamini kifaa chenye kihisi joto kinarekebisha kila kitu. Kinarekebisha mteremko wa elektrodi tu. Hakijui udongo wenyewe ungekuwa na pH gani kwenye joto jingine. Bafa iliyotoka kwenye friji na tope la udongo lililokaa juani havilinganishiki. Viache vyote kivulini mpaka joto lifanane. Baadhi ya vifaa hutambua thamani ya bafa kwa joto husika, vingine hukutaka uiingize kutoka kwenye jedwali la chupa.

Mteremko ukiwa chini ya asilimia 95, safisha kwanza kabla ya kulaumu elektrodi. Mara nyingi mfinyanzi umeziba kitundu kidogo kinachounganisha elektrodi na maji. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, suuza, kisha iache usiku kucha kwenye maji yake ya kuhifadhia. Katika mfano wetu, tuseme baada ya usafi kifaa kinasoma -5 na +170. Hapo mteremko ni 58.7, karibu asilimia 98, na kazi iendelee.

Usifute kioo kwa kitambaa, gusisha tu karatasi laini ili inyonye maji. Usichomeke elektrodi moja kwa moja ardhini. Changanya gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa na mililita 50 za maji yaliyotoneshwa, koroga, subiri nusu saa, koroga tena, kisha pima. Maji ya kujazia betri yanafaa, lakini soma lebo vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kaunta hiyo hiyo.

Kofia ya elektrodi iwe na myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa molari 3: gramu 22.4 za chumvi safi ya maabara, ukiongeza maji yaliyotoneshwa mpaka myeyusho ufike mililita 100. Mbolea ya potasiamu si mbadala, ina uchafu. Ukikosa myeyusho huo, bafa ya 4 itafaa kwa muda. Maji matupu yaliyotoneshwa hunyonya chumvi ya ndani na kuiua elektrodi polepole. Chumvi nyeupe inayoganda kwenye kofia haina madhara, isuuze tu.

Ikiwa baada ya usafi mteremko bado uko chini ya 90, au namba inachukua dakika kadhaa kutulia kwenye bafa, nunua elektrodi mpya. Kwa uamuzi mkubwa, kama kununua chokaa ya shamba zima la michungwa, peleka sampuli ile ile kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano ulinganishe majibu.