Mambo ya kuzingatia kabla hamjaandika barua ya kuomba ardhi ya makaburi

Kwanza jueni mnamwandikia nani. Chifu hana ardhi ya kugawa. Yeye ni mtumishi wa serikali kuu, na kazi yake hapa ni kuitisha baraza na kuthibitisha kwamba kijiji kipo na shida ipo. Makaburi ni kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010. Kwa watu wa Malindi basi barua iende idara ya ardhi ya Kaunti ya Kilifi, nakala kwa chifu, mwakilishi wadi na afisa wa afya ya umma. Tume ya Taifa ya Ardhi nayo ipewe nakala, maana ndiyo inayosimamia ardhi ya umma kwa niaba ya kaunti.

Ambatisheni muhtasari wa baraza wenye majina, sahihi na nambari za vitambulisho. Mkifikisha barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

Sasa lile linaloumiza watu: kiwanja chenyewe ni cha nani? Msiandike "ile ardhi iliyo wazi kando ya barabara". Huku pwani ardhi kuwa wazi si kukosa mwenyewe. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, mashamba mengi yameandikwa majina ya watu wasioishi hapa, na waliozaliwa juu yake wakabaki maskwota. Skwota akifiwa, mwenye shamba humkatalia kuzika. Si roho mbaya tu: anajua kaburi likishakaa, kesho litatajwa kortini kama ushahidi kwamba ukoo ni wa hapo. Ndiyo sababu vijiji vinahitaji makaburi ya pamoja, na ndiyo sababu hiyo hiyo mwenye hati hatanyamaza.

Kuna kijiji bara ya Malindi kilichoomba kwa chifu, na chifu akawapa barua yenye muhuri kwamba "hana pingamizi". Wazee wakaifanya barua ile kama hati. Wakafyeka, wakaweka ua wa makuti, wakaanza kuzika. Kisha siku moja akaja mpima ardhi na vijana wawili, wakachimbuachimbua kwenye magugu mpaka wakafikia bikoni ya saruji, alama ya mpaka wa shamba, na bikoni ilikuwa ndani ya ua, hatua chache kutoka kaburi la mtoto. Mwenye hati akatoa makaratasi yake. Barua ya chifu haikuwa na nambari ya kiwanja wala ramani. Ilisema tu kwamba chifu hana pingamizi, na kweli hakuwa nalo. Maiti hafukuliwi kiholela, lazima kuwe na kibali, na nani katika wafiwa angekubali kukiomba? Makaburi yale yapo hadi leo nyuma ya waya wa mwenye shamba, na kuzuru ni kwa kuomba ruhusa.

Kwa hivyo kabla ya barua, tafuteni nambari ya kiwanja kwenye ramani ya usajili, mfanye sachi kwenye ofisi ya ardhi mjue kimeandikwa jina la nani, na matokeo yake muyabane pamoja na barua. Kama ni ndani ya skimu ya makazi, ulizeni viwanja vilivyotengwa kwa matumizi ya umma. Mara nyingine cha makaburi kimo tayari, ila mtu amekilima. Kama ni ardhi ya umma, ombeni itengwe rasmi kwa makaburi na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kama Sheria ya Ardhi ya 2012 inavyoruhusu. Kama kuna mtu anataka kutoa wakfu, hiyo ni njia nyingine, nayo iandikishwe angali hai.

Ukubwa msiuseme kwa kukisia. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Toeni theluthi ya njia na ua, kisha hesabuni mita za mraba 4 kwa kila kaburi pamoja na nafasi yake: mnapata makaburi kama 670. Kijiji kinachozika watu 20 kwa mwaka kitakaa miaka thelathini na kitu. Hesabu hiyo iandikwe kwenye barua.

Semeni pia makaburi ni ya nani. Yakiwa ya Waislamu na Wakristo, mchoro uonyeshe mpaka wa ndani. Kibla hapa Malindi ni karibu kaskazini kamili, kwa hivyo kaburi la Mwislamu hulala mashariki kwa magharibi. Kiwanja chembamba kilichokaa vibaya hupoteza safu nzima.

Chimbeni shimo la majaribio wakati wa masika, si kiangazi. Maji yakionekana kabla ya kina cha kaburi, au mkigonga mwamba, tafuteni pengine. Visima vya jirani navyo vionekane kwenye mchoro, maana afisa wa afya atauliza.

Na mtu akidai pesa za "kusukuma faili", aandike risiti. Akikataa, msitoe. Wala msizike hata mmoja kwa sababu mmeambiwa kwa simu kwamba mambo yako sawa.